Dondoo muhimu: Hitimisho lisilorudia utangulizi

Mwandishi abadilishe nafasi za utangulizi na hitimisho. Insha ikisomeka vilevile, hitimisho halijaongeza kitu.

Mfano ni insha kuhusu marufuku ya mifuko ya plastiki Tanzania, iliyoanza Juni 1, 2019. Inamalizia hivi: “Kwa hiyo, mifuko ya plastiki inachafua mazingira na marufuku ni muhimu.” Hayo yalishasemwa mwanzoni.

Dawa imo katikati ya insha, palipotajwa kwamba baadhi ya wauzaji waligeuza vifungashio laini kuwa mifuko ya kubebea. Hilo linaonyesha nini?

Mwisho mpya: “Marufuku iliondoa mfuko, si haja ya mnunuzi kubeba nyanya zake kwa gharama ndogo. Bila mbadala wa bei nafuu, plastiki itarudi kwa sura nyingine.”

Ushahidi mpya usiingizwe hapa. Uwekwe katikati ya insha.