Ujumbe wa duka usifanane na wa matapeli

Swali: Nina duka la pembejeo Ikwiriri. Nikiwatumia wateja ujumbe wa pamoja, wengine hudhani ni utapeli. Niandikeje?

Jibu: Watu wamechoshwa na "ile pesa tuma kwenye namba hii", ndiyo maana "MPENZI MTEJA!!! OFA KABAMBE, WAHI" inawatia shaka. Andika hivi: "Habari za kazi. Mbegu ya mpunga SARO 5 imefika dukani kwetu, Ikwiriri sokoni. Bei ni ileile ya msimu uliopita. Karibu uione kabla ya kulipa." Salamu inaleta ukaribu, mahali na bei vinaleta imani. Pia ujumbe huu haujavuka herufi 160 za SMS moja. Ukiweka emoji, kikomo hushuka hadi 70. Namba ya kulipia usiiweke kabisa.