Mmekunja, Hamjakata

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Majengo, Songea, nikamtengenezea mama ukurasa wa wavuti wa duka lake la ushonaji. Ulikuwa ukurasa wangu wa kwanza. Nasoma ualimu, si kompyuta, kwa hiyo nitaeleza kama ambavyo ningemweleza mwanafunzi wa kidato cha pili.

Wateja wa mama si wa Majengo tu. Wapo wa Namtumbo na Mbinga wanaompa kondakta wa basi kitambaa na karatasi ya vipimo, na nguo ikiisha inarudi kwa basi vilevile. Hao hawaingii dukani wakashika nguo. Wanataka kuona mshono kabla ya kutuma kitambaa, na wanauangalia kwa simu, kwa bando lao wenyewe. Ukurasa ukichelewa kufunguka wanaachana nao, na kitambaa kinaenda kwa fundi mwingine.

Ukurasa wenyewe ni faili la maandishi matupu. Unaandika kwenye Notepad, unahifadhi kwa jina `index.html` (pale chini chagua `All Files`, la sivyo itakubandikia `.txt` mwishoni), kisha unalifungua kwa Chrome. Mistari iliyobeba kazi yetu ni hii mitatu:

```html
<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">
<img src="gauni1.jpg" alt="Gauni la kitenge" style="max-width:100%">
<a href="https://wa.me/255XXXXXXXXX">Agiza WhatsApp</a>
```

Wa kwanza unaiambia simu itumie upana wake halisi. Bila huo, simu hujifanya ni skrini ya kompyuta na herufi zinakuwa kama mchanga. Wa tatu ni kitufe cha kuagiza: namba inaanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Basi, hiyo imeisha.

Kazi kubwa iko kwenye mstari wa pili, yaani picha. Tulikuwa na picha sita za magauni zilizopigwa kwa simu, kila moja ina pikseli 4000 kwa 3000 na uzito wa kama MB 4. Jumla MB 24. Kwa mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde, zidisha 24 kwa 8 upate sekunde 192, zaidi ya dakika tatu. Nani atasubiri? Maandishi yote ya ukurasa, kwa kulinganisha, hayakufika hata KB 5.

Mdogo wangu akasema tuandike `width="300"` ndani ya `<img>` yaishe. Kweli, picha ikaonekana ndogo. Lakini simu bado inapakua MB 4 zote, halafu ndiyo inaibana. Mama alikuwa anapiga upindo huku anatusikiliza, akauliza ule uzito umepungua? Tukamwambia hapana. Akasema, "Basi hapo mmekunja tu, hamjakata." Sijapata mhadhara ulioeleza jambo hilo vizuri zaidi.

Kukata kunafanyika kwenye faili lenyewe. Fungua picha kwa Paint, bonyeza `Resize`, chagua `Pixels`, andika upana 800, kimo kitajipanga chenyewe kuwa 600. Hifadhi kwa jina jipya ili ile ya mwanzo ibaki. Kila upande umegawanywa kwa 5, hivyo pikseli zimepungua mara 25. Zetu zilishuka hadi kama KB 150 kila moja, zote sita hazifiki MB 1, na zile dakika tatu zikawa sekunde saba hivi.

Kwa nini 800 na siyo 400? Tulijaribu 400, na mama akaikataa: nyuzi za kwenye kola hazikuonekana, na mteja anayejua nguo anaanzia hapo. Kwa 800 zinaonekana. Kipimo kitoke kwa anayeijua bidhaa, siyo kwa anayejua kompyuta.

Tuliuweka ukurasa GitHub Pages, ambako ni bure. Hapo chunga majina ya mafaili. Windows haijali `Gauni1.JPG` na `gauni1.jpg`, inaona ni kitu kimoja. Seva inaona ni viwili. Ukiona picha inatokea kwenye kompyuta yako lakini mtandaoni panakuja maneno ya `alt` peke yake, kagua herufi kubwa kwanza.

Na usijipimie kwa simu yako mwenyewe. Ikishafungua ukurasa mara moja inazitunza picha, kwa hiyo mara ya pili zinakuja chap hata kama ni nzito. Fungua kwa `Incognito`, au azima simu ya jirani ambayo haijawahi kuuona, zima waifai, uhesabu sekunde.