Hukumu Ikifutwa, Imefutwa kwa Nani?

Wiki hii najibu barua ya binti aliyeniandikia kutoka Leicester, Uingereza.

“Dada, shikamoo. Mwaka 2013, nikiwa na miaka 20, nilikamatwa dukani na nguo ambayo sikuilipia. Mahakama ilinitoza faini, nikalipa, na tangu hapo sijapata kesi nyingine. Sasa nimepata kazi ya kutunza wazee, nataka kuomba uraia, na mjomba amenialika Marekani. Rafiki zangu wanasema kosa lilishafutika. Kaka yangu aliyeko New York anasema halifutiki kamwe. Nimwamini nani?”

Marahaba, mdogo wangu. Rafiki zako wamesema kweli, na kaka yako pia, kwa sababu kila mmoja anazungumzia fomu yake. Hukumu haifutwi duniani kote kwa mpigo mmoja. Inafichwa kwa baadhi ya wanaouliza na kubaki wazi kwa wengine, kwa hiyo kila fomu inayokuja mbele yako ianze na swali hili: anayeuliza ni nani, na sheria inampa haki ya kuona nini?

Tuanze na hapo ulipo. Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 inayosema kwamba muda fulani ukipita, hukumu inaisha nguvu, na unaruhusiwa kujibu kana kwamba haikuwahi kuwapo. Kwa mtu mzima aliyetozwa faini, muda huo ni mwaka mmoja kuanzia siku ya hukumu. Kwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja, ni mwaka mmoja baada ya adhabu yote kumalizika. Kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja hadi minne kinahitaji miaka minne. Faini yako ya 2013 iliisha nguvu zamani. Mwenye nyumba au mwajiri wa duka akikuuliza kama una hukumu ambayo bado ina nguvu, jibu la kweli ni “hapana”. Hayo ni ya Uingereza na Welisi. Skotlandi na Ayalandi ya Kaskazini wana hesabu zao.

Lakini kuisha nguvu si kufutwa. Kumbukumbu inabaki kwenye kompyuta ya taifa ya polisi hadi mhusika afikishe miaka 100. Kazi yako ya wazee inapitia ukaguzi wa DBS wa ngazi ya juu, ambao unaweza kuonyesha hata hukumu zilizoisha nguvu. Kinachokuokoa ni mchujo. Hukumu ya mtu mzima haionyeshwi kama miaka 11 imepita, kama hakupewa kifungo, hata kile kilichoahirishwa, na kama kosa halimo kwenye orodha ya makosa mazito ambayo huonyeshwa daima. Wizi wa dukani haumo kwenye orodha hiyo, unyang'anyi umo. Kwa hiyo tangu 2024 hukumu yako inachujwa, na sheria haikulazimishi kumtajia mwajiri. Ingekuwa kifungo cha wiki mbili tu, hata kama hukukitumikia, ingeonekana kila mara.

Ndiyo maana, kabla ya kujaza chochote, hakikisha ulihukumiwa nini hasa. Watu wengi hukumbuka “faini” kumbe karatasi inasema jingine. Omba kumbukumbu zako za polisi kupitia ofisi iitwayo ACRO. Ombi la mtu kuona taarifa zake mwenyewe halilipiwi. Angalia tarehe, jina la kosa, na adhabu. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua kila kitu nilichokueleza.

Sasa uraia. Hapa rafiki zako wangekuingiza matatani. Tangu Oktoba 2012, kinga ya sheria ile ya 1974 haitumiki kwenye maamuzi ya uhamiaji na uraia. Fomu ya uraia inataka hukumu zote, hata iliyoisha nguvu. Faini moja ya zamani kwa kawaida haitoshi kukunyima uraia, ila kuificha kunaweza kukunyima. Itaje, eleza kwa mistari miwili, ambatisha karatasi.

Na Marekani? Fomu ya viza DS-160 inauliza kama umewahi kukamatwa au kuhukumiwa, hata kama ulisamehewa. Bunge la London haliwezi kumpangia afisa wa Marekani anachokiona. Ukiandika “hapana” unaweza kuhesabiwa umedanganya, na udanganyifu huo unaweza kukufungia mlango wa Marekani maisha yako yote, adhabu kubwa kuliko ile ya nguo. Kuna nchi zinazotaka pia cheti cha polisi cha ACRO. Chako kikiandikwa “No Live Trace” badala ya “No Trace”, maana yake ni kwamba kuna kitu cha zamani ambacho hakionyeshwi. Maafisa wa ubalozi wanaijua tofauti hiyo.

Kwa nini nchi zitofautiane hivi? Tazama habari inatokea wapi. Uingereza, rekodi za jinai haziko wazi kwa kila mtu, basi sheria ikadhibiti maswali na majibu. Marekani, majalada ya mahakama yako wazi na kampuni huyanunua na kuyauza, basi dawa yao ni kufunga jalada lenyewe. Na kwa kuwa kila jimbo lina sheria zake za jinai, kila jimbo hufunga kwa namna yake.

Mwambie hivi kaka yako, maana amekuambia kwamba hakuna kinachofutika. New York ina sheria iliyoanza Novemba 2024 inayofunga makosa madogo baada ya miaka mitatu na mengi ya makubwa baada ya minane, bila mtu kuomba, mradi hana kesi mpya. Mahakama zimepewa hadi Novemba 2027 kukamilisha. Ila kama naye ana hukumu na bado hajapata uraia, idara ya uhamiaji ni ya serikali kuu, nayo ina tafsiri yake ya hukumu tangu 1996. Jalada lililofungwa na jimbo bado ni hukumu machoni pao, na fomu ya uraia N-400 inataka litajwe. Kwa hiyo achukue mapema nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama. Katika baadhi ya majimbo, kufuta ni kuharibu jalada kabisa, halafu uhamiaji wakidai karatasi, mtu hana pa kuipata.

Na wewe uliyeko Nairobi unayesoma haya, Kenya haina sheria ya jumla kama hiyo ya 1974 kwa watu wazima. Cheti cha maadili mema hutolewa kwa kulinganisha alama za vidole, na miaka kupita peke yake haikupi haki ya kujibu “hapana”. Njia zilizopo ni rufaa, ambayo kwa kawaida huwasilishwa ndani ya siku 14, au msamaha wa Rais chini ya kifungu cha 133 cha Katiba.

Basi, mdogo wangu wa Leicester, majibu yako ni haya. Mwajiri wa wazee: usitaje, baada ya kuthibitisha karatasi ya ACRO. Uraia: taja. Viza ya Marekani: taja, na uonane kwanza na mwanasheria wa uhamiaji, kwa sababu wizi wanaupima kwa masharti yao. Omba kumbukumbu zako wiki hii, na usitie saini fomu yoyote kabla hazijafika.