Damu baada ya hedhi kukoma: milimita 11 zinasema nini?

SWALI: Mama yangu ana miaka 62, anaishi Oldonyo Sambu. Hedhi yake ilikoma zaidi ya miaka kumi iliyopita. Miezi mitatu nyuma alitoka damu kidogo kwa siku mbili, akanyamaza. Mwezi uliopita imerudi, na safari hii imelowesha kanga. Tulipokwenda kutibiwa tukaambiwa ni maambukizi, akapewa vidonge vya siku saba. Baadaye tukaenda mjini Arusha, akanyweshwa maji mengi, akapimwa ultrasaundi. Karatasi inasema utando wa ndani wa kizazi ni milimita 11. Majirani wanasema hedhi imerudi, eti ana bahati. Mama ni mnene na ana kisukari. Je, hiyo ni kansa?

JIBU: Nianze na majirani. Hedhi ikishakoma miezi 12 mfululizo, hairudi. Damu yoyote inayotoka baada ya hapo, hata tone moja la rangi ya waridi, hata mara moja tu, inatafutiwa chanzo. Nasikitika kwamba mama alipewa vidonge kabla ya mtu kuangalia damu inatoka wapi, maana wiki zile zilipita bure.

Swali lako la kansa silijibu kwa ndiyo au hapana, na karatasi uliyonayo nayo haiwezi kulijibu. Kwa wanawake wanaotoka damu baada ya ukomo wa hedhi, tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba takriban tisa kati ya mia hukutwa na saratani ya utando wa kizazi. Wengine wengi huwa na utando ulionyauka na kuchubuka, au kinyama kilichoota ndani. Lakini mama yako ana mambo mawili yanayonifanya nisitulie: unene na kisukari. Mafuta ya mwili hutengeneza homoni ya estrojeni hata baada ya ovari kuacha kazi. Estrojeni huukuza utando. Zamani projesteroni ilikuwa inaudhibiti, na kila mwezi ulibomoka ukatoka. Sasa projesteroni haipo, kwa hiyo utando unaendelea kukua bila wa kuuzuia.

Umeniambia alinyweshwa maji mengi. Hilo linanionyesha kwamba alipimwa kwa juu ya tumbo, kwani kibofu kikijaa kizazi huonekana vizuri zaidi. Kwa kuupima utando, kipimo kinachotegemewa ni cha kupitia ukeni, na hicho hufanywa kibofu kikiwa kitupu. Mpimaji hukitazama kizazi kwa urefu wake, akatafuta mahali utando ulipo mnene kuliko kote, akapima kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, tabaka zote mbili pamoja. Kukiwa na maji katikati, maji hayahesabiwi. Kwa mtu mnene, au mwenye uvimbe kwenye kizazi, picha ya tumboni inaweza kukosea kwa milimita kadhaa.

Mstari tunaoutumia kwa mwanamke anayetoka damu ni milimita 4. Ukiwa 4 au chini yake, na utando umeonekana wote vizuri, uwezekano wa saratani ni mdogo sana, na kwa kawaida tunaweza kusubiri. Ukizidi hapo, tunachukua kinyama cha utando kikapimwe maabara. Kazi ya namba hiyo ni kutuambia nani achukuliwe kinyama, basi. Mama yako mwenye 11 amevuka mstari, na hata picha ikirudiwa wakapata 8, uamuzi ni uleule.

Kuna jambo hapa linalotuhusu sisi hasa. Mwaka 2024 Profesa Kemi Doll na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu wanawake weusi waliotolewa kizazi. Kati ya 210 waliokutwa na saratani, 24 walikuwa na utando chini ya milimita 5. Ni kweli walikuwa wanawake waliokwishafikishwa kwenye upasuaji, si kila mwanamke wa mtaani. Lakini sababu zake tunazijua: uvimbe wa kizazi, ambao ni mwingi kwetu, huharibu picha, na zipo saratani kali zinazoota juu ya utando mwembamba. Kwa hiyo mimi mgonjwa akiniletea karatasi ya milimita 3 na damu imerudi tena, kinyama nachukua.

Sasa hatua zenyewe. Mpeleke mama hospitali yenye daktari wa magonjwa ya wanawake. Kwa upande wenu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru ndiyo ya karibu kwa rufaa. Kabla ya kizazi, daktari atazame kwa macho uke na mlango wa kizazi. Usikubali hatua hii irukwe. Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake, nayo hutoa damu vilevile, na ultrasaundi inaweza isiione kabisa. Kama mama anaona aibu kuvua mbele ya kijana wa kiume, omba daktari au muuguzi wa kike awepo. Ni haki yake, na wauguzi wamelizoea ombi hilo.

Kuchukua kinyama chenyewe ni kazi ya dakika chache. Mrija laini wa plastiki, mwembamba kama wa kunywea juisi ya pakiti, unapitishwa kwenye mlango wa kizazi hadi ndani. Daktari anavuta kijiti kilichomo ndani yake ili unyonye, anauzungusha huku akiupeleka mbele na nyuma, kisha anautoa. Mama atasikia mkazo kama wa hedhi kali. Pasipo na mrija huo hutumika bomba la kunyonya la mkono, au kusafisha kizazi kwa dawa ya usingizi.

Kinyama kinatumbukizwa mara moja kwenye chupa ya formalini, si ya maji ya chumvi, maana humo kinaoza. Uangalie jina la mama limeandikwa kwenye chupa, na uulize inapelekwa maabara gani na majibu yatachukuliwa wapi. Nimewahi kuona mgonjwa amesubiri wiki sita, kumbe chupa haijatoka kwenye kabati.

Jibu la patholojia likisema sampuli haitoshi, msifurahi. Maana yake kwa mama mwenye milimita 11 ni kwamba kinyama kirudiwe, ikiwezekana kwa kamera ndogo inayoingizwa ndani ya kizazi, kwa sababu mrija hunyonya bila kuona na unaweza kukikosa kinyama kilichoota na kujificha kwenye kona.

Likisema utando umezidi lakini seli ni za kawaida, ni hali ambayo kwa chini ya watu watano kati ya mia hugeuka saratani ndani ya miaka 20. Atapewa vidonge vya jamii ya projesteroni au kitanzi chenye homoni kwa miezi sita hivi, kisha kinyama kichukuliwe tena. Likisema utando umezidi na seli zimeanza kupotoka, tunashauri kizazi kitolewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya wanawake wa aina hiyo hukutwa na saratani iliyokwisha kuanza pembeni ya pale mrija ulipopita. Na likisema ni saratani, atapelekwa KCMC Moshi au Taasisi ya Saratani Ocean Road, apigwe picha za kuona imefika wapi. Ikiwa bado imo ndani ya kizazi, upasuaji ndio tiba ya kwanza na wengi hupona.

Nenda na karatasi ya ultrasaundi, orodha ya dawa zake za kisukari, na tarehe za damu zote mbili. Kama damu itaanza kulowesha pedi kila saa, au mama akasikia kizunguzungu akisimama, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke usiku huohuo.