Kwa Nini Tetrasaiklini Iliyoharibika Hudhuru Figo: Somo la Alkoholi Kupoteza Maji

Mwaka 1963 madaktari nchini Marekani waliripoti wagonjwa waliopata sindromu ya Fankoni baada ya kumeza tetrasaiklini iliyoharibika. Figo zao zilishindwa kuzuia sukari, protini na fosfeti zisipotee katika mkojo. Chanzo cha madhara hayo ni mmenyuko unaofundishwa katika kemia ya awali: alkoholi kupoteza maji kwa kuchochewa na asidi.

Mmenyuko huu una hatua tatu. Kwanza, protoni kutoka kwenye asidi hushikamana na oksijeni ya kundi la OH. Pili, kundi hilo, ambalo sasa limekuwa molekuli ya maji, hung’oka pamoja na elektroni za kifungo chake. Kaboni iliyoachwa hubaki na chaji chanya, nayo huitwa kabokationi. Tatu, kaboni jirani hupoteza protoni, na kifungo maradufu hujengeka kati ya kaboni hizo mbili. Protoni hurudi kwenye myeyusho, kwa hiyo asidi haipungui.

Hatua ya pili ndiyo ngumu, nayo huwa rahisi pale tu kabokationi inapokuwa thabiti. Kaboni jirani husaidia kwa kuisogezea elektroni. Hivyo alkoholi ya daraja la tatu, ambayo kaboni yake yenye OH imeungana na kaboni tatu, hupoteza maji kwa urahisi zaidi. Hufuatwa na ya daraja la pili, kisha ya daraja la kwanza. Etanoli, ya daraja la kwanza, huhitaji asidi ya salfuriki kali na joto la takribani 170 °C, na hata hapo haipitii kabokationi huru. Kaboni inayopakana na pete ya benzini hupata msaada wa ziada.

Sasa tuitazame tetrasaiklini. Kaboni yake namba 6 ina OH, ni ya daraja la tatu, na inapakana na pete ya benzini. Aidha, maji yakiondoka, pete nyingine ya molekuli hupata uthabiti kama wa benzini. Ndiyo maana asidi, joto na unyevu hutosha kuigeuza kuwa anhidrotetrasaiklini, ambayo umbo lake jingine, epianhidrotetrasaiklini, ndilo lenye sumu kwa figo.

Doksisaiklini haina OH kwenye kaboni namba 6. Ile iliyo kwenye kaboni namba 5 ni ya daraja la pili, kwa hiyo njia hii imefungwa kwake.

Unga wa tetrasaiklini uliobadilika kutoka manjano kuelekea kahawia usitolewe. Lakini rangi kutobadilika si uthibitisho wa usalama, hivyo tarehe ya mwisho izingatiwe. Mgonjwa aliyeimeza akipata kiu, mkojo mwingi na udhaifu, na mkojo ukaonyesha sukari ilhali sukari ya damu ni ya kawaida, dawa isimamishwe na figo zipimwe mara moja.