Kupima mkakati wa opsheni bila kujidanganya

Mkakati wenyewe ni huu. Kila mwezi unauza `put` iliyo chini ya soko na `call` iliyo juu yake, zote za tarehe moja ya mwisho, kisha unaomba soko lisitembee sana. Kwenye skrini ya dalali unaitwa `short strangle`. Kabla hujaweka hela, unaupima kwa data za nyuma. Kazi ni kuhakikisha kipimo hicho hakikupendelei.

Anza na bei. Programu nyingi hukupa bei ya katikati, kati ya `bid` na `ask`, kana kwamba kuna mtu anayekusubiri hapo. Tuseme `put` ina `bid` 12.60 na `ask` 13.60, na `call` ina 6.40 na 7.00. Ukihesabu katikati unapokea 19.80. Ukiuza kwa `bid` unapata 19.00. Kwenye opsheni za SPX kila pointi ni dola 100, kwa hiyo umepoteza dola 80 kwa mwezi, 960 kwa mwaka, na hapo bado hujalipa kamisheni wala hujanunua mkataba ili utoke.

Andika hivi kwenye programu yako:

```
fill = mid - k * (ask - bid) / 2
```

Pima kwa `k` ya 0, halafu 0.5, halafu 1. Unapotoka unanunua, basi geuza alama ya kutoa iwe ya kujumlisha. Faida ikitoweka `k` inapofika 0.5, achana na mkakati huo. Ulichokuwa unakiona ni pengo la bei tu.

Stopu nayo ina uongo wake. Ukiandika "toka hasara ikifika mara mbili ya primiamu", programu itakutoa papo hapo kwa bei hiyohiyo. Soko halina adabu hiyo. Ijumaa ya 21 Februari 2020, S&P 500 ilifunga 3337.75. Jumatatu ilifungua chini kwa takriban pointi 80. Bei ya stopu ingeweza kurukwa usiku, wewe umelala. Kwa hiyo toka kwa `ask` ya kwanza inayopatikana baada ya stopu kuguswa, hata kama inauma.

Sasa iache nafasi hiyo bila stopu hadi mwisho. Bei za opsheni ni zile za mfano wetu, ila fahirisi ni ya kweli. Umeuza `put` ya 3150 na `call` ya 3450, ukapokea 19.00, yaani dola 1,900. Tarehe 20 Machi fahirisi inafunga 2304.92. Mkataba unaolipwa kwa bei ya kufunga unakudai pointi 845.08, dola 84,508. Toa primiamu, hasara ni 82,608. Hiyo ni zaidi ya miezi 43 ya primiamu nzima, bila mwezi hata mmoja mbaya katikati. Data zako zikiishia 2019, hukuiona.

Na hata 2020 si kikomo. Tarehe 19 Oktoba 1987 S&P 500 ilianguka zaidi ya asilimia 20 kwa siku moja. Usingoje data zikuletee siku kama hiyo. Ipandikize mwenyewe: shusha fahirisi asilimia 20 asubuhi baada ya kuingia, pandisha bei za opsheni kwa hofu iliyopo, kisha angalia salio. Muhimu hapa ni dhamana. Dalali hasubiri tarehe ya mwisho. Akaunti ikipungukiwa anakufungia nafasi kwa bei mbaya kabisa ya siku. Kipimo kisichokagua dhamana kila siku kitakuonyesha ukinusurika mahali ambapo ungekuwa umeshatolewa.

Ukiuza opsheni za hisa moja moja, kagua pia orodha yako. Ukichukua kampuni zilizopo leo na kurudi nazo nyuma, umeshawafuta waliokufa. Bear Stearns ilifunga dola 30 Ijumaa ya 14 Machi 2008. Wikendi hiyo ikakubali kuuzwa kwa dola 2 kwa hisa. Haimo kwenye orodha ya leo, ila aliyeuza `put` zake alilipa. Upande wa `call` nako, kampuni zilizonunuliwa kwa bei ya juu zimetoweka vilevile. Tumia orodha ya wakati ule, au baki na fahirisi.

Mwisho, rudia kipimo chote ukiwa umenunua `put` ya mbali, tuseme 2700, kila mwezi, kwa `ask`. Hasara ya upande wa chini sasa haizidi pointi 450 ukitoa primiamu. Faida ya kila mwezi itapungua. Linganisha matokeo hayo na ya mwanzo kabla hujaamua uuze mikataba mingapi.