Kijivu Kilichogeuka Buluu Ukutani

Kijivu ni miongoni mwa rangi za ukutani zinazogeuzwa kwa urahisi na mwanga wa chumba, na ndicho kilichomsumbua msomaji wa Tanga aliyeiandikia safu hii. Yeye na mumewe walichagua kijivu kwenye kadi ya dukani, wakachanganyiwa ndoo ya lita 20, fundi akapaka sebule nzima. Ilipokauka, kuta zilikuwa na ubuluu ambao hawakuutaka, na usiku ukazidi. Duka limekataa kuipokea rangi iliyobaki, kwa kuwa ilichanganywa kwa ajili yao tu. Sasa mume anataka krimu, mke anataka kijivu chenye ukahawia, na swali lake ni namna ya kupata uhakika kabla ya kutoa fedha mara ya pili.

Kwa maelezo ya barua, sebule hiyo ina dirisha moja pana linalotazama kusini, chini ya paa la baraza lililojitokeza sana. Jua lenyewe haliingii. Mwanga unaofika ndani ni wa anga, na mwanga wa anga usio na jua una ubuluu. Kijivu kinachopatikana kwa kuchanganya nyeupe na nyeusi pekee nacho huelekea kwenye buluu. Usiku huwashwa balbu nyeupe, zile ambazo boksi lake limeandikwa 6500K, na hizo huongeza ubaridi uleule. Mambo yote matatu yalivuta upande mmoja, wakati kadi ilitazamwa kwenye mlango wa duka, juani. Fundi hana kosa hapa.

Dawa ni kuipaka rangi kwenye ubao mkubwa na kuuhamishahamisha ubao huo ndani ya chumba chenyewe. Kupaka madoa ya majaribio moja kwa moja ukutani, kama wengi wafanyavyo, kuna hasara mbili. Doa hubaki palepale, hivyo huonyesha ukuta mmoja tu. Na rangi ya zamani inayolizunguka hulidanganya jicho. Krimu iliyozungukwa na ubuluu wa kuta za Tanga itaonekana ya manjano kuliko ilivyo. Zaidi ya hayo, kingo nene za doa hubaki kama makovu chini ya rangi mpya zisipopigwa msasa.

Plaiwudi nyembamba, hadibodi au kipande cha jipsamu kilichobaki kwenye dari hufaa. Upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 120 ni kipimo kizuri, na kisipungue sentimita 60 kwa 60. Ubao hupakwa kwanza praima nyeupe, maana plaiwudi tupu hunyonya rangi na wekundu wake hupenya. Kisha rangi ya majaribio hupakwa mara mbili kwa rola ya aina ileile itakayotumika ukutani, ukiachwa ukingo mweupe wa sentimita tano pande zote ili kuitenga na rangi ya ukuta. Mng'ao nao uwe uleule: rangi isiyong'aa na ile yenye mng'ao wa hariri hazifanani hata zikiwa na namba moja ya kadi. Ubao uachwe hadi kesho yake, kwani rangi ya maji ikiwa mbichi mara nyingi huonekana nyepesi kuliko ikikauka.

Gharama ya jaribio hili ni ndogo. Ubao wa kipimo kilichotajwa ukipakwa mara mbili ni kama mita moja na nusu ya mraba, na lita moja ya rangi ya maji hutosha takriban mita kumi za mraba kwa mkono mmoja. Kopo la lita moja kwa kila rangi linatosha kabisa, na la rangi itakayoshinda litasaidia baadaye kuziba mikwaruzo.

Ubao husimamishwa wima ukutani. Ukilazwa sakafuni hupokea mwanga kwa namna nyingine na huonekana mweupe zaidi. Katika sebule ya Tanga kuna sehemu tatu za lazima. Ya kwanza ni ukuta unaokabili dirisha, ambao hupata mwanga mwingi kuliko zote. Ya pili ni ukuta wenye dirisha lenyewe, na hapa ndipo rangi nyingi hushindwa: jicho linatazama mwanga wa nje, ukuta unabaki kivulini, kijivu kizuri kinageuka kizito. Ya tatu ni pembeni, nyuma ya kochi, ambako rangi ya kitambaa na ya vigae hurudi ukutani. Kila mahali ubao utazamwe kutoka upande wa pili wa chumba.

Saa nazo zifuatwe kwa zamu: saa mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni, kisha usiku taa zikiwa zimewashwa. Siku moja yenye mawingu iongezwe ikipatikana. Usiku ndio uliowaumiza wenye barua hii, kwa hiyo inafaa kubadilisha balbu moja, kuweka ya mwanga wa manjano, iliyoandikwa 2700K au 3000K, na kuutazama ubao uleule tena. Huenda ikaonekana kwamba nusu ya ubuluu wanaoulalamikia ulitoka kwenye balbu. Picha ya simu isitumike kuamua, kwa sababu kamera husawazisha rangi yenyewe na kuufuta utofauti unaotafutwa.

Mbao za krimu na kijivu-kahawia kwanza ziwekwe pamoja kando ya karatasi nyeupe, ili mwelekeo wa kila rangi ujitokeze: kijani, waridi au manjano. Baada ya hapo kila moja itazamwe peke yake, maana chumba kitapakwa moja tu na jozi hutia chumvi tofauti. Mume na mke watazame saa zilezile, na kila mmoja aandike maoni yake kabla ya kumsikia mwenzake.

Ubao hausemi yote. Kuta nne zinapotazamana, kila moja huitupia nyingine rangi yake, hivyo chumba kilichokamilika huwa na rangi iliyokolea kuliko ubao mmoja. Kuipima hali hiyo, mbao mbili za rangi moja husimamishwa kwenye kona zikigusana. Ndani ya kona hiyo ndipo ukolevu wa kweli huonekana. Ukizidi, ichaguliwe rangi nyepesi kidogo ya jamii ileile. Ukuta wa plasta yenye chembe pia huonekana mweusi kiasi kuliko ubao laini, kwa ajili ya vivuli vidogo vya chembe zake.

Rangi ikishapatikana, kiasi kihesabiwe. Sebule ya mita tano kwa nne, yenye kimo cha mita 2.8, ina kuta za mita 50 za mraba; milango na madirisha yakiondolewa hubaki kama 44. Kwa mikono miwili ni mita 88, yaani karibu lita tisa. Ndoo ya lita 20 haikuhitajika tangu mwanzo: makopo mawili ya lita nne na moja la lita moja yangetosha, na kopo la akiba kwa kuta zinyonyazo. Yote yachanganywe dukani siku moja kwa namba ileile, kisha fundi ayamimine pamoja kwenye ndoo moja safi na kukoroga kabla ya kuanza, ili kopo la mwisho lisitofautiane na la kwanza katikati ya ukuta.